Siku Kumi na Nne za Kazi

Nimekaa masijala miaka thelathini na moja. Kwa asiyejua, masijala ni kile chumba cha ofisi kinachopokea barua, kuzipa namba na kuzitunza kwenye majalada, na anayefanya kazi humo hudhaniwa kuwa hana kazi. Nimestaafu sasa, lakini nikiona kampuni yenye jengo la vioo la ghorofa kumi na mbili na walinzi wawili mlangoni, halafu haijui barua ya mteja wake iko wapi, nasikia kichefuchefu. Sisi tulikuwa na feni mbovu na makabati ya chuma, na hata ungeniamsha usingizini ningekwambia barua yako ni folio ya ngapi, yaani karatasi ya ngapi ndani ya jalada.

Mdogo wangu alikuja kwangu Jumamosi asubuhi, akakaa bila hata kuuliza hali. Yeye ni fundi cherehani. Alikuwa amepewa kazi ya kushona sare mia mbili za shule moja, kazi ambayo mafundi wenzake waliitolea udenda. Mkuu wa shule alimpa sharti moja tu: sare zote ziwe mikononi mwake kabla shule hazijafunguliwa, tarehe kumi na nane ya mwezi uliokuwa unakuja. Akitimiza, sare za kila mwaka ni zake. Akishindwa, atafutwe mwingine. Kwa hiyo alikomba akiba yake yote akaagiza mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za nguo zisifumuke, kutoka kampuni kubwa inayouza vitu mtandaoni. Alilipa kwa kadi ya benki tarehe tatu.

Masharti waliandika wenyewe, hakuna aliyewashikia bunduki. Mzigo utafika ndani ya siku kumi. Usipofika, mnunuzi anaweza kusitisha oda kwa maandishi, na atarudishiwa fedha zote ndani ya siku saba. Mzigo haukufika, na tarehe kumi na nne mdogo wangu akawatumia barua pepe ya kusitisha. Kuna duka la mjini lilikuwa na mashine ya aina hiyohiyo. Alichokosa ni pesa yake, na sasa siku saba zilikuwa zimeshapita.

"Nimepiga simu mara sita, Dada," alisema. "Kila nikipiga wananipa namba mpya ya malalamiko."

"Na ile ya zamani?"

"Inafungwa. Wananitumia ujumbe kwamba tatizo langu limetatuliwa."

Nikamwomba simu yake nisome mwenyewe. Ni kweli. Kwa hesabu za kampuni ile, malalamiko sita yalikuwa yameingia na sita yametatuliwa. Huko juu ghorofani kuna mtu bila shaka alipongezwa kwa kazi hiyo.

"Ile barua pepe ya kusitisha je?"

"Wanasema hawaioni. Wanasema mashine iko njiani." Akacheka kwa uchungu. "Wiki tatu iko njiani. Labda inakuja kwa miguu."

Nilimwambia asipige simu tena. Simu ni upepo. Unasema, wanasema, na kesho kila mtu anakumbuka anachotaka. Nikatoa jalada jipya, na Jumapili nzima tukakaa mezani kulijaza. Tulichapisha risiti. Tulichapisha masharti yao kama yalivyoonekana siku hiyo, maana watu wa aina ile ukiwapa nafasi watayabadilisha usiku. Tulichapisha barua pepe ya kusitisha ikionyesha tarehe na saa, na zile jumbe sita za kwamba tatizo limetatuliwa. Simu zote nikaziandika kwenye karatasi moja: ilipigwa lini, alipokea nani, alisema nini. Kila karatasi ikapata namba yake. Mdogo wangu alinitazama kwa macho yaliyojaa heshima, na sikatai, niliipenda heshima ile.

Kisha nikaandika barua, yeye akaisaini, kwa kuwa mteja ni yeye. Alitaka niwaite matapeli. Nikamwambia tusi ni zawadi kwa mtu mwenye makosa, linampa kitu kingine cha kujibu. Barua yetu ilikuwa tamu kiasi cha kuvutia sisimizi. "Kwa heshima na taadhima naomba kurejea masharti yenu, kifungu cha tano." "Nitashukuru sana iwapo mtathibitisha, ili kumbukumbu zetu zikae sawa, tarehe mliyopokea ombi langu la kusitisha." Mwishoni tukaomba fedha zirudishwe ndani ya siku kumi na nne za kazi, tukasema kwamba baada ya hapo, kwa masikitiko, tutapeleka jambo hili benki na kwenye mamlaka inayosimamia haki za wateja. Niliisoma mara mbili. Katika miaka yote ya masijala sikuwahi kuona barua safi kama ile.

Jumatatu tarehe ishirini na saba tukaipeleka wenyewe makao makuu. Mapokezi kulikuwa na binti mwenye kucha ndefu na kijana wa ulinzi ambaye kazi yake ilikuwa kumtazama yule binti.

"Barua hatupokei, mama," binti alisema. "Tuma kwenye mtandao."

"Tulituma, mwanangu. Mmesema hamuioni."

"Hatuna mhuri wa kupokelea."

Jengo la ghorofa kumi na mbili halina mhuri. Mhuri ambao hata muuza mbao mtaani kwangu anao. "Hamna neno," nikamwambia. "Andika kwenye nakala yangu jina lako, tarehe, saa, na sahihi. Mhuri ni urembo tu."

"Siruhusiwi."

"Basi tutamsubiri anayeruhusiwa," nikasema kwa upole, nikaketi kwenye kochi lao la ngozi, jalada mapajani. Mdogo wangu akakaa pembeni yangu. Wageni wenye tai waliingia na kutoka, na kila mmoja nilimsalimu vizuri na kumuuliza kama yeye ndiye anayeruhusiwa kupokea barua. Haikupita saa moja, akashuka bwana mmoja wa kitengo cha sheria, akasaini, akaandika tarehe na saa, akaondoka bila kuaga. Nilifurahi hadi nikamwambia yule binti kucha zake zimependeza.

Siku ya tatu wakampigia mdogo wangu simu. Sauti ya asali. Wangempa kuponi ya kununua bidhaa zao nyingine, yenye thamani ileile, papo hapo; abonyeze tu "nakubali" kwenye ujumbe watakaomtumia. Alikuja mbio na simu mkononi, kidole kikimwasha.

"Wanauza ovaloki nyingine, Dada. Nikibonyeza sasa hivi—"

"Italetwa na nani?"

Akaondoa kidole kwenye kioo.

Nikamsomea maandishi madogo chini ya ujumbe: akikubali kuponi, amekubali pia kwamba hadai fedha taslimu na kwamba shauri limekwisha. Mtego wa panya una aibu kuliko ule. Tukawajibu kwa maandishi: tunashukuru kwa kuponi, hatuikubali, ombi letu la fedha liko palepale. Nakala ikaingia jaladani.

Wiki iliyofuata, Jumatano, barua yao ikafika, na nembo ya rangi tatu juu. Mkuu wa huduma kwa wateja alikuwa amejibu kila swali, moja baada ya jingine, maana ukimuuliza mtu kwa adabu na namba, anajikuta anajaza nafasi. "Tunathibitisha kwamba ombi lako la kusitisha lilipokelewa tarehe kumi na nne." Lile ambalo watu sita kwenye simu hawakuliona! Nilipiga meza kwa kiganja. Nikamwambia mdogo wangu kwamba sasa wamejifunga wenyewe, hata mtoto angewashinda.

Yeye alikuwa anasoma aya ya mwisho. Aliisoma, akatazama kalenda ukutani, akarudi kuisoma.

"Dada, soma hapa."

"Fedha zako zitarudishwa ndani ya siku kumi na nne za kazi, kama ulivyoelekeza katika barua yako," nikasoma.

Alianza kuhesabu kwa kidole kwenye kalenda, tangu siku tuliyopeleka barua. Aliruka Jumamosi na Jumapili. Akaruka tena, na sikukuu mbili zilizokuwa zimejipanga katikati ya mwezi. Kidole kilisimama Jumanne, tarehe kumi na tisa. Shule zinafunguliwa tarehe kumi na nane.

Sikuwa nimehesabu. Miaka thelathini na moja nimeandika "siku kumi na nne za kazi" mwishoni mwa barua, kama watu wanavyomalizia na "wako mtiifu". Mkono uliandika, mimi sikuwepo. Masharti yao yalisema siku saba, nazo zilikuwa zimeshakwisha. Wao walikuwa wadaiwa waliochelewa, nami nikawaongezea karibu mwezi mzima, kwa heshima na taadhima, na nikahakikisha mtu wa sheria anasaini.

Siku ileile tukaandika barua nyingine kuomba waharakishe, tukieleza habari za shule. Wakajibu kwa mistari miwili kwamba wanafuata tarehe iliyokubaliwa. Tukaenda benki. Ofisa wa kadi, mama mmoja mpole, alilipitia jalada letu ukurasa kwa ukurasa, akasema hajawahi kuona mteja aliyejipanga hivyo. Ila muuzaji amekiri kwa maandishi na ametaja siku ya kulipa. Benki itasubiri siku hiyo ipite ndipo ifungue pingamizi dhidi ya malipo, yaani kumdai muuzaji fedha kwa niaba yetu. "Tarehe ilitoka kwenu," alisema, kama anayetuomba radhi.

Mdogo wangu hakulaumu. Alirudi kwenye cherehani yake ya kanyagio, na kingo za sare akazipeleka kwa fundi mwenzake mwenye ovaloki, ambaye alimpa nafasi wateja wake wakishakwisha. Ijumaa ya mwisho alikuwa na sare tisini na nne. Mkuu wa shule alizipokea, akamlipa za tisini na nne, na zilizobaki akampa yule fundi mwenye mashine. Na za mwaka ujao pia.

Jumanne tarehe kumi na tisa, saa tisa na dakika arobaini alasiri, simu ya mdogo wangu ikalia. Fedha zote zimeingia, hazikupungua hata senti. Nilikuwa nyumbani kwake, jalada mkononi, tayari kwa benki. Alinionyesha ujumbe, akaweka simu juu ya meza ya kukatia.

"Ungewapa siku saba," aliuliza, "wangekataa?"

Nilitamani kumwambia wangekataa. Nilikuwa na maneno ya kutosha juu ya kampuni ile, ya kunifikisha jioni. Lakini walikuwa wamefanya kama barua ilivyosema, mpaka siku yenyewe.

"Wasingekataa," nikasema. "Mimi ndiye niliyekupotezea kazi yako."

Nilisubiri anikanushie, kama wadogo wanavyowakanushia dada zao. Alikunja kipande cha kitambaa cha sare kilichobaki, akakinyoosha kwa kiganja.

"Ndiyo, Dada," alisema, kwa adabu ileile niliyomfundisha kuiandikia kampuni.