Nani Anamulisha Mama Mukwe

Mama yangu na shemeji yangu Modeste waliishi nyumba moja kule Gatineau, Kanada, na muda wote huo walizungumza kupitia mimi, niliyekuwa Bukavu.

Usicheke bado. Kwetu mama mukwe na mukwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hawali meza moja, hawatazamani usoni, na mama hatamki jina la aliyemuoa binti yake. Hapa Bukavu ni rahisi: unamtuma mtu. Lakini nyumba ya dada yangu Yolande kule ina jikoni moja na korido moja, na Yolande akienda dukani wanabaki wawili tu na mtoto mchanga. Basi Modeste akisimama mbele ya kabati la chumvi, simu yangu inalia huku sokoni Nyawera, ninapochunga meza ya mama ya liputa, vile vitenge vya kujifunga.

"Élie, ambia baba ya mutoto asogee kidogo."

Nampigia Modeste. "Shemeji, sogea."

"Aksanti, shemeji. Niliwaza mama anataka dirisha."

Ujumbe umevuka bahari mara mbili, na chumvi iko umbali wa mkono. Wateja wangu walidhani nimepata kazi kwenye ubalozi.

Mama alikwenda Januari, akapitia Kigali, amevaa makoti matatu kama kitunguu. Yolande alikuwa amejifungua msichana, na msichana amepewa jina la mama: Bintu. Kwetu, mwenye jina ndiye anayembeba mtoto siku ya ubatizo. Si shangazi, si jirani, si picha ya video. Na padri wa parokia yao alikuwa amepanga ubatizo katikati ya Agosti, kwa sababu wazazi wa Modeste, wenye asili ya Minova, wangeweza kufika wakati huo tu.

Mwezi wa Juni nikamuuliza mama kwenye simu ya video, kwa utani tu: "Mama, utarudia lini? Ao umeshakuwa Mukanada? Liputa zinakulilia."

"Niko na wakati," akasema, akipunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. "Visa yangu iko mpaka 2029. Niliona kwa macho yangu mu paspoti."

Nyuma yake nikamwona Yolande akiacha kukunja nepi.

Yolande ni mtu wa ofisi. Hata orodha ya sokoni anaipiga chapa. Akaifungua pasipoti, akasoma, akaenda kwenye tovuti ya uhamiaji ya Kanada, akarudi na sura ya mwalimu aliyekuta darasa linacheza karata.

"Mama, 2029 ni ya mulango. Mpaka siku ile unaweza kuja kubisha hodi. Lakini ukishaingia, muda wa kukaa ni kitu kingine. Askari wa uwanja wa ndege alipiga muhuri, hakuandika tarehe. Asipoandika, unapewa miezi sita tangu siku uliyoingia."

"Miezi sita inaisha lini?" niliuliza.

"Katikati ya Julai."

Ubatizo Agosti, ruhusa inaisha Julai. Mama akamwangalia mtoto aliyelala mapajani pake, halafu akasema polepole, "Kwa hiyo mutu mwingine njo atamubeba?"

Sikupata mzaha. Hilo kwangu ni nadra, mwite daktari.

"Hapana, mama," Yolande akasema. "Unaomba kuongezewa. Lazima maombi yafike kabla ya siku ile kuisha. Wanapenda mutu aombe mwezi mmoja mbele. Tumechelewa kidogo, lakini bado tuko ndani. Ukishaomba ndani ya muda, unabaki kwa amani kungojea jibu, hata Julai ikipita. Ila usitoke inchi."

"Nitoke niende wapi? Kwa baridi ya nani?"

Jumamosi iliyofuata tukakaa. Kwetu ilikuwa jioni, jua linateremka juu ya ziwa; kwao mchana. Yolande na kompyuta yake mezani, mama pembeni na mtoto, mimi ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Modeste? Modeste alikuwa kwenye korido, kwenye simu ya pili, nami huku nikiwa nimemuweka kwenye simu ya dada wa meza ya jirani. Mikono miwili, simu mbili. Nilikuwa waziri wa mambo ya nje.

Sehemu ya kwanza iliyotuchelewesha: sababu ya kutaka kubaki.

"Andika," mama akaanza kumwandikisha, kama anatoa ushahidi. "Nimekuja kuona mujukuu. Mujukuu ananipenda. Yolande hajue kusonga fufu, anasonga uji. Na ananyonyesha huku anaangalia telefone. Tena nabaki ndiyo arudilie kazi, mimi nichunge mutoto…"

"Mama!" Yolande akacheka. "Hilo la mwisho tuliache. Watasema umekuja kutumika kazi ya yaya, na wewe ni mugeni."

"Na la uji pia," nikasema. "Siri za familia."

"Sababu iwe moja, ya kweli, na iwe na mwisho," Yolande akasema. "Afisa anataka kujua mambo mawili: kwa nini hukumaliza ndani ya miezi sita, na utaondoka lini."

Wakaandika hivi, nami nikasoma kwa sauti ili korido isikie: kwamba alikuja kumtembelea binti yake na mjukuu, kwamba ubatizo wa mjukuu mwenye jina lake umepangwa Agosti, barua ya parokia iko hapa, kwamba anaomba kubaki mpaka mwisho wa Agosti, kwamba tiketi ya kurudi imeshasogezwa hadi wiki hiyo, na kwamba Bukavu ana nyumba, ana meza ya biashara sokoni, na ana mtoto wa kiume anayemsubiri.

"Kwa huyo wa mwisho ongeza 'mwenye sura nzuri'," nikasema.

"Fomu inakataza uongo," Yolande akajibu bila kuinua kichwa.

Kisha ikaja feza, na mambo yakaharibika.

Fomu iliuliza mawili: feza ulizo nazo za kukaa, na nani anakulipia. Mama akajinyoosha kwenye kiti. "Mimi mwenyewe. Andika dola elfu makumi ine."

"Makumi ine!" Simu moja nusura iniponyoke. "Mama, kwa meza ile ninayoichunga mimi? Ao umeuza ziwa?"

"Tutaazima. Mama Nafisa wa sokoni atatuma, mwenzake atatuma, inalala mu konti ya Yolande juma moja, wanaona, tunarudisha. Njo vile batu banafanya."

"Na wakiomba karatasi za benki za miezi ya nyuma?" Yolande akauliza. "Wataona feza imeanguka jana kutoka mbinguni. Watasema tunadanganya, na ukidanganya, hata ule mulango wa 2029 unaweza kufungwa. Mama, unalala kwetu, unakula kwetu. Tunaandika ukweli: wanaolipa ni binti na mukwe. Tunaweka barua yetu na karatasi za mishahara na za benki. Feza yako ya kweli tunaiandika pembeni vile iko, hata ikiwa kidogo."

Mama akasimama na mtoto, akanyakua na simu. Nikaona dari, kisha kitambaa chake, kisha sikio la mtoto.

"Hapana. Mu karatasi ya serikali, iandikwe ya kuwa mukwe ananilisha? Mimi? Jina yangu ikae mu kompyuta ya Wazungu: huyu mwanamuke anakula mukononi mwa mukwe wake? Afazali nirudie Bukavu kesho."

"Na Bintu mudogo?" Yolande akauliza.

Mama alimkumbatia mtoto kwa namna ambayo hata mimi, mpumbavu wa ukoo, niliielewa.

Ndipo simu ya mkono wa kushoto ikanong'ona. Ilikuwa korido. "Shemeji, mwambie mama…"

"Mama, korido inasema."

"Iseme."

Modeste akaanza, nami nikawa nafuatisha kama mkalimani wa kanisani. "Anasema: yeye hakulishi. Anasema alipomuoa Yolande, alikuta mwanamke mwenye diploma, na diploma ile ililipwa na liputa za Nyawera. Anasema mshahara wa Yolande ni mazao ya… ngoja, shemeji, polepole… mazao ya shamba ulilolima wewe. Anasema mukulima akila mazao yake, nani atasema amelishwa?"

Mama akaketi tena na mtoto.

"Anasema pia," nikaendelea, "wali wa jana ulikuwa mtamu."

"Ule nilipika mimi," mama akasema haraka.

"Ndiyo maana, mama." Hiyo haikutoka kwenye simu yangu. Ilitoka moja kwa moja korido, kwa sauti ya Modeste, nyembamba kwa woga. Kisha nikasikia kitu kikidondoka. Baadaye Yolande aliniambia ni mwavuli. Mtu mzima, meta moja na themanini, alikuwa amejificha nyuma ya makoti.

Mama akaanza kucheka. Mama yangu akicheka, anachekea tumboni kwanza, halafu mabega, halafu nyumba nzima. Yolande akaanguka juu ya kompyuta. Mimi nikacheka mpaka dada wa meza ya jirani akaninyang'anya simu yake.

Mama alipopata pumzi, akageuza uso kuelekea ukuta, heshima ni heshima, akasema kwa sauti ya kufika koridoni: "Modeste. Toka mu makoti, mwanangu. Kuja uandike barua yako."

Alimtaja jina. Nilisikia kwa masikio yangu mawili.

Modeste akaja, akaketi akiitazama friji. Mama akiutazama ukuta. Wakaandika. Kwenye nafasi ya anayelipa: binti yangu na mume wake. Kwenye feza, kile mama alichokuwa nacho kweli, bila sifuri ya kuazima. Wakaambatisha kila kitu, na kurasa za pasipoti, na ule muhuri usio na tarehe. Yolande akalipa ada, akatuma, na risiti ikaingia kabla chai haijachemka. Mama aliomba aichapishe, akaiweka ndani ya Biblia.

Julai ikapita, jibu hakuna, na mama hakuogopa. Agosti Bintu mkubwa akambeba Bintu mdogo mbele ya padri, amevaa liputa ya njano niliyomtumia kwa mtu, na Modeste akapiga picha mia moja za mkono wa mama mukwe wake, kwa sababu usoni bado alikuwa anaona haya. Mwisho wa Agosti akapanda ndege kama alivyoandika.

Jibu lilifika Oktoba. Amekubaliwa kubaki mpaka ile tarehe aliyoomba. Nilimsomea akiwa mezani Nyawera, anakunja liputa nilizozipanga vibaya.

"Aksanti yao," akasema. "Uwaambie nilishafika."

Kisha simu yake ikalia. Ilikuwa Modeste, anauliza moja kwa moja wali ule unawekwa maji kiasi gani. Nikanyoosha mkono nipokee, kama kawaida ya kazi yangu.

Mama akaupiga ule mkono. "Wewe panga liputa."

Hivyo ndivyo waziri wa mambo ya nje alivyofukuzwa kazi, bila hata barua.