Chuchumaa Kwanza

Mimi si mwizi wa maneno. Niliyasema hayo kwa sauti kubwa mbele ya cherehani tatu, na hayakunisaidia kitu. Shangazi alikuwa ameishika simu yangu kwa vidole viwili, kama soksi ya mtu asiyemjua.

"Soma hapa," alisema, akimwonyesha kwa kidevu mshonaji wetu wa kola kwenye mashine ya pili. "Soma fundi kola naye asikie."

Nikasoma maoni ya mteja chini ya picha niliyoiweka jana kwenye ukurasa wa duka letu: "Kumbe siku hizi nyinyi ni tawi la wale wa ghorofani? Mbona mnaongea sawasawa?"

Wale wa ghorofani ni duka la nguo lenye vioo, ng'ambo ya barabara. Wao waliandika: "Unastahili kung'ara. Kila mshono una hadithi. Njoo uvae ndoto yako." Mimi, siku nne baadaye, chini ya sketi ya kijivu, nikaandika: "Unastahili kupendeza. Kila uzi una simulizi. Njoo uvae fahari yako." Naapa sikukusudia. Ila nilikuwa nimesoma ukurasa wao kila asubuhi kwa wiki tatu, na ukishinda jikoni kwa watu utatoka unanuka vitunguu vyao.

"Miaka kumi na tisa nashona," alisema Shangazi, "leo nimekuwa tawi!" Akanirudishia simu. "Nina kola sita hapa. Nikimaliza ya sita hujaniandikia maneno yangu, ukurasa nampa binamu yako."

Binamu yangu hupamba kila sentensi kwa alama za moto. Iliniuma. Kazi hii niliiomba mwenyewe, na nilijua naiweza.

Nikaifuta ile posti, nikaanza upya. "Unafaa kumeremeta. Kila pindo lina kisa…"

Shangazi hakuinua hata kichwa. "Karatasi ya kukatia ni ileile. Umebadilisha kitambaa tu."

Alisema kweli. Sifa, kisha hadithi, kisha njoo. Ningebandika jina la wale wa ghorofani chini yake na asingeshtuka mtu. Basi nikakifanya hicho kuwa kipimo changu.

Nikajaribu vijembe: "Wao wana vioo, sisi tuna uzi." Fundi kola alicheka hadi akapiga mshono kombo.

"Tangazo ni langu," alisema Shangazi. "Wao wanatafuta nini humo ndani?"

Kola ya nne ikaanguka kapuni. Nikaweka simu chini, nikatega masikio.

Wakati huo dereva mmoja alikuwa anajaribu suruali mbele ya kioo. "Imenikaa, Shangazi. Nifungie."

"Chuchumaa kwanza."

"Lakini imenikaa!"

"Imekukaa umesimama. Wewe gari unaendesha umesimama? Chuchumaa."

Akachuchumaa, mzima na kitambi chake. Shangazi akainama akasikiliza kama nyuzi za ule mshono wa nyuma zinaalika. "Haujalia. Nenda zako, tuna kazi."

Miaka yote hiyo hakuna aliyetoka mlangoni mwetu bila kuchuchumaa, hata wakubwa wa maofisini. Na mimi nilikuwa nimekaa palepale nikiandika habari za ndoto! Nilijionea aibu, kisha nikaandika bila kusita:

"Chuchumaa kwanza. Mshono ukilia, hatukupi. Usipolia, nenda zako, tuna kazi."

Nikaliziba jina la duka kwa kidole gumba. Wale wa ghorofani wasingethubutu kumchuchumaza mteja wao. Fundi kola akachungulia begani mwangu. "Huyu ni yeye mtupu," akasema.

Shangazi alisoma mara mbili, kola ya sita bado mkononi. "Si ukali huu?"

"Ni wewe, Shangazi."

"Haya, weka."

Kesho yake mchana akaja muuguzi kuchukua suruali yake ya kazi, anacheka tangu mlangoni. "Nimesoma! Nimekuja kuchuchumaa." Akaivaa, akachuchumaa, na mshono ukalia. Sote tuliusikia.

"Ni kidogo tu," alisema muuguzi. "Nitaivaa hivihivi, zamu yangu inaanza saa kumi."

Mimi ndiye niliyeandika "hatukupi", na hapa palikuwa na mteja mwenye haraka, na aibu ya duka zima. Nilingoja Shangazi anigeukie.

Hakunigeukia. Alivuta kiti cha cherehani.

"Vua, mwanangu. Zamu utaiwahi."

"Lakini Shangazi…"

"Vua. Si umesoma? Nimeandika mshono ukilia, hatukupi."

Nimeandika, alisema. Nikaenda kumletea uzi mweupe.