Mzunguko Ulioanzia Masvingo

Shuvai alipewa likizo ya siku tisa, na alizigawa kama nesi anayegawa dawa. Usiku mmoja Harare baada ya kutua, mbili Masvingo kwa mjomba, mbili Bulawayo kwa dada yake Maidei, mbili Gweru kwa shangazi Revai, waliyemwita Tete, na wa mwisho Harare tena kungoja ndege ya kurudi kazini Leeds, Ulaya. Aliwapigia wote simu kabla ya kusafiri akawasomea mpango, asije mtu akasema amepunjwa. Kwenye karatasi hapakuwa na wa kulalamika.

Mpango wenyewe uliharibikia Bulawayo. Maidei alikuwa amechoma nyama, watoto wamemng'ang'ania mama mdogo wao shingoni, na asubuhi ya kuondoka mvua ikanyesha. "Ongeza siku moja tu, Tete ataelewa," Maidei alisema. Shuvai akaongeza. Kesho yake Maidei akasema vilevile, naye akaongeza tena. Siku zote mbili alizikata kwenye fungu la Gweru, na kila mara alipopiga simu, Tete Revai alimjibu kwa upole, "Haya, mwanangu. Njoo utakapoweza."

Upole ule ndio uliokuwa ukimkereketa rohoni. Mume wa Tete, Mzee Gumbo, alifariki mwezi wa sita, na Shuvai hakuja kumzika kwa sababu kazini walimnyima ruhusa. Alituma rambirambi kwa simu, akalia kwa simu, akajiambia kwamba amemaliza. Lakini kwao kila mtu anajua: ambaye hakuwepo kwenye mazishi, akirudi nchini huanzia nyumba yenye msiba. Anatoa mkono wa pole kwanza, ndipo anakula na kucheka kwingine. Yeye alikuwa amekwisha kula nyumba mbili.

Siku ya nane alifika stendi ya Bulawayo saa kumi na mbili asubuhi, na huko pia akachagua vibaya. Aliingia basi lililokuwa na viti vingi vitupu kwa kuwa kondakta alimwapia kwamba linaondoka sasa hivi. Sasa hivi ikawa saa tatu, lilipojaa. Alishuka Gweru adhuhuri, begi mkono mmoja, na mkono wa pili ndoo ya mazhanje, matunda ya msituni ambayo mjomba alimtuma ampelekee Tete. Basi la mwisho ambalo angethubutu kulipanda kwenda Harare lilikuwa la saa tisa.

Tete Revai alikuwa amekaa kizingitini kwake mtaa wa Mkoba, kitambaa cheusi kichwani. Hakuinuka. Shuvai akatua mizigo nje, akapiga magoti, akampa mikono yote miwili.

"Tete, poleni kwa msiba."

"Tumeshapoa, mwanangu. Tulifiwa, tukazika." Akamshika mikono kwa muda mrefu, macho yake yakiwa kwenye ndoo. "Haya, ingia. Mkono umeshatolewa."

Ndani palikuwa na jogoo aliyepikwa jana na kupashwa moto leo. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi, na Shuvai akaona kitanda kimetandikwa mashuka mapya ya maua, mikunjo ya dukani bado imesimama. Juu yake ukutani ilibandikwa karatasi ya Mzee Gumbo. Marehemu aliendesha mabasi miaka thelathini, na aliandika kwa mkono wake safari zote za nchi: mji, saa, kilomita. Shuvai akiwa msichana wa bweni alikaa kiti cha mbele cha basi lake bila nauli, akikariri karatasi ile.

"Bado unaikumbuka?" Tete aliuliza.

"Naikumbuka, Tete."

"Basi nisomee mzunguko uliokuja nao."

"Harare, Masvingo. Masvingo, Bulawayo. Bulawayo, Gweru. Gweru, Harare." Akaongeza haraka, "Nilifuata barabara, Tete. Ningeanzia huku ningerudi nyuma mara mbili."

"Sasa usome kutoka chini kwenda juu."

Shuvai akafungua mdomo. Harare, Gweru. Gweru, Bulawayo. Bulawayo, Masvingo. Masvingo, Harare. Barabara ni zilezile, nauli ileile, hata kilomita moja haiongezeki. Uso ukamwaka moto mpaka masikioni. Alilijua jambo hilo tangu Leeds, kalamu ikiwa mkononi. Aliogopa kuianza likizo kwa kilio. Alitaka kwanza acheke na mjomba, acheze na watoto wa Maidei, kisha msiba aubananishe mwishoni. Aibu aliyoisikia ilikuwa ya mtu aliyeshikwa na mkono mfukoni mwa mwenzake.

"Niliogopa, Tete," alisema. "Niliogopa kukuona ukilia."

"Nilishalia nikamaliza, wewe hukuwepo. Nilitaka tu mtu wa kumuongelea. Hapa kila mtu keshachoka kusikia habari za Gumbo." Akasogeza bakuli. "Kula. Basi halikungoji."

Hodi ikapigwa. Alikuwa Mai Vongai, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye macho yake huingia nyumbani kwa watu kabla ya miguu.

"Kumbe mgeni wetu yupo. Umefika lini, binti wa Ulaya?"

Shuvai akameza tonge. Alikuwa tayari kusema kweli yote. Angalau hilo lingempunguzia mzigo.

"Jana, kiza kilishaingia," Tete Revai akamtangulia. "Katua uwanja wa ndege, kaja moja kwa moja kwangu. Si nilikwambia tangu mwezi uliopita? Huyu haanzii pengine."

Mai Vongai akapiga makofi kwa taratibu ya kuonyesha heshima. "Umelelewa, mwanangu. Wangu mimi alikuja Pasaka akamaliza kwanza mabaa yote ya Harare." Akainama kwenye ndoo, akala zhanje moja, akatema mbegu kiganjani. "Haya si ya huku. Haya ni ya Masvingo."

Shuvai akavuta pumzi. "Mai Vongai, kwa kweli mimi..."

Tete akamtazama mara moja tu. Halikuwa jicho la hasira. Lilikuwa jicho la mtu anayeomba asivuliwe nguo mbele za watu, na hapo Shuvai akaelewa uongo ule ulikuwa wa kumsitiri nani.

"Kaka wa mama yake kayatuma kwa basi," Tete alisema. "Chukua machache uwapelekee watoto."

"Ndiyo," Shuvai akasema. "Yametumwa kwa basi."

Jirani alijaza kitenge chake, akamsifu tena, akaenda zake. Sifa zile zilimkaa Shuvai kifuani kuliko tusi lolote.

Saa nane na nusu alichukua begi lake. Tete hakumsindikiza stendi. Alisema ana kazi kidogo, na majirani wangeuliza mbona mapema. "Salimia wa huko. Safari njema." Alimshika mkono kama alivyomshika mwanzo, kwa muda mrefu.

Shuvai alipofika kwenye kona ya barabara aligeuka apunge mkono. Tete alikuwa ameinama uani juu ya beseni. Alikuwa akiyafua yale mashuka ya maua ambayo hakuna aliyeyalalia, akakamua moja, akalitandaza kwenye kamba ya upande wa ukuta wa Mai Vongai, akalivuta pembe zote nne lionekane vizuri.