Mama Amwone Mwanawe

Mama yake mchungaji alivunjika nyonga, akawa haji ibadani. Kila Jumapili alitazama mahubiri kitandani kwenye simu, ameishika wima, na kwa kuwa video ilikuwa pana, mwanawe alionekana mdogo kama kunguni ukutani. "Namsikia tu," alinilalamikia. "Uso wake sijauona mwezi wa tatu huu. Wewe si unasomea mambo hayo jioni? Nisaidie, binti yangu."

Mimi ni fundi cherehani, na umri wangu si wa kuanza shule. Lakini nilimwahidi, nikaomba kwa Bwana, nikafungua kompyuta dukani.

Kazi yenyewe niliielewa upesi, maana ni kukata. Video pana ni kitambaa. Simu ikisimama wima inataka kipande chembamba tu, chini kidogo ya theluthi moja ya upana, na kipande hicho lazima kimfuate msemaji. Unaweka alama pale fremu, yaani kipande hicho, inapoanzia, alama nyingine pale inapofikia, na kompyuta inaisogeza yenyewe kati ya alama hizo mbili. Mimi nikafanya kama nifanyavyo na pindo: nikabana pini mwanzo, nikabana pini mwisho, nikaamini katikati patanyooka. Nikasema amina, nikamtumia bila kuitazama.

Baada ya saa moja simu ikalia.

"Binti yangu, mahubiri ni mazuri. Ila huyu mzee anayekoroma ni nani?"

Nikaitazama. Moyo ukanishuka hadi kwenye kanyagio la cherehani. Mchungaji alianzia kwenye mimbari na kumalizia kwenye mimbari, kwa hiyo pini zangu mbili zilikuwa mahali pamoja na fremu haikusogea hata unywele. Lakini kati ya hapo alitembea jukwaa zima. Kilichobaki ni mimbari tupu, sauti ya mchungaji ikinguruma kutoka pembeni, na nyuma kidogo mzee wa kanisa kwenye kiti chake, kinywa wazi.

Mama hakuishia kwangu. Nilipomtajia ni nani, alimpigia mzee mwenyewe akamgombeza. Ndiyo maana mzee aliingia dukani bila hodi.

"Dada fundi, umenianika!"

"Nisamehe, baba. Nilibana pini mbili."

"Pini gani? Mimi nilikuwa nasali!"

"Kwa dakika kumi na nne?"

"Maombi mengine ni marefu." Akavuta kiti, akaketi nyuma yangu. "Rekebisha nikiona."

Nikaanza upya. Mara ya kwanza niliweka alama kila hatua ya mchungaji, na fremu ikaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Mzee akapiga kelele: "Mama wa watu atatapika!" Nikazifuta nyingi, nikabakiza tu pale mchungaji anapoondoka na pale anaposimama, na kati yake nikailainisha safari. Mzee akawa nahodha: "Kulia! Anageuka! Ngoja, mwache apumue!" Mchungaji alipokunjua mikono, vidole vilikatwa, tukakubaliana kwamba mama anataka uso, si vidole.

Tukafika dakika ya kumi na moja. Mchungaji alirudi kusimama kando ya mimbari, akasema habari za mama aliyemfundisha kusali akiwa mtoto. Machozi yakamtoka. Nikamweka katikati kabisa. Na juu ya bega lake, wazi kama mchana, mzee alikuwa amelala.

"Msogeze," mzee alininong'oneza.

Nikaisogeza fremu upande wa pili. Mzee akatoka, lakini mchungaji akabanwa ukingoni, shavu moja limekatwa. Nikajaribu kumkuza, mzee akakua naye, na picha ikaanza kufifia. Nikairudisha. Moyoni niliomba, kwa sababu ahadi yangu ilikuwa kwa mama, na aibu ilikuwa ya mtu aliyeketi nyuma yangu.

Mzee alisogeza kiti karibu na uso ule wa machozi. Nadhani ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasikia mahubiri hayo.

"Anamzungumzia mamake," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Mweke katikati. Mungu alishaniona nimelala, na huyo mama keshanigombeza. Nimfiche nani tena?"

Safari hii tuliitazama yote, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kuituma. Kisha tukakaa tukiikodolea simu macho.

Mama alipopiga, kwanza tulisikia anapenga kamasi.

"Nimemwona," alisema. "Nimemwona mwanangu." Akapenga tena. "Mbona amekonda hivyo? Hebu mwambieni huyo mzee, akiamka, aende akamwangalie kama anakula."

Mzee alikwisha kusimama, anatafuta kofia yake.