Picha Isiyo na Neno

Picha iliingia Jumamosi saa sita na robo mchana, Marsela Komba akiwa amepiga magoti jikoni anakanda unga wa chapati. Simu ilitikisika juu ya ndoo. Alijifuta mkono kwenye khanga, akatazama jina la mtumaji.

Ilikuwa namba ya Mwanasiti, mama mdogo wa Yasmini.

Siku mbili nyuma, Mwanasiti huyo huyo alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti. Marsela aliusikiliza mara tatu, akiwa ofisini, kwenye bodaboda, na tena kitandani. "Mwalimu, shikamoo. Huyu mwanao kachoka. Kashinda analia na madaftari. Kasema ile Hisabati isipompa njia, Jumapili hapandi boti. Na mimi simlazimishi, mwalimu, mana kusemwa kijijini kashasemwa vya kutosha."

Yasmini alikuwa mwanafunzi wa Marsela pale Kibiti, miaka mitatu iliyopita, binti mwenye mwandiko mdogo kama wa siafu. Alipofika kidato cha tatu akapata mimba, akarudi kwao visiwani, kwenye delta ya mto. Mwaka huu Marsela ndiye aliyemtafuta, akamshawishi ajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ndiye aliyempelekea mitihani ya miaka ya nyuma ndani ya bahasha ya kaki. Hisabati ilikuwa Jumatatu asubuhi. Boti ya kwenda Nyamisati, bandari ya bara, ingeondoka Jumapili alfajiri, maji yakijaa. Asipopanda hiyo, mtihani umempita, na Marsela alijua kwamba mwakani hakuna wa kumshawishi tena.

Akaifungua picha.

Lilikuwa swali moja, limepigwa picha kwenye karatasi iliyokunjamana. Mtu amesimama sehemu tambarare anatazama kilele cha mnara kwa pembe ya mwinuko ya nyuzi thelathini. Anasogea mita arobaini kuuelekea mnara, anatazama tena, pembe imekuwa nyuzi sitini. Tafuta urefu wa mnara. Basi. Hakuna salamu wala ombi. Hata alama ya kuuliza hakuweka.

Marsela akaandika haraka, unga ukibaki kwenye kioo: "Yasmini, unataka nikusaidieje?"

Tiki moja.

Akapiga. Sauti ya yule dada wa mtandao ikamwambia mteja hapatikani. Kijijini kwao mtandao ulipatikana kando ya tangi la maji la zahanati tu, na hapo mtu akisogea hatua mbili unakatika. Huenda binti alikuwa pale pale, kashika simu juu, anasubiri. Au alishatuma akaondoka, na atarudi mara moja tu kabla ya giza. Kuulizana na kujibizana hakungewezekana. Chochote ambacho Marsela angetuma, kitafika kikiwa peke yake, na Yasmini atakisoma akiwa peke yake.

Akauacha unga. Akavuta kiti, akachukua kalamu na kulifanya swali lote, mstari kwa mstari, kwa herufi kubwa, akapiga picha. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutuma.

Ndipo akamkumbuka Haruna.

Haruna alikuwa kijana wa darasa lake mwaka juzi. Kila jioni alileta swali, na Marsela, kwa huruma, alimwandikia njia nzima. Daftari la Haruna lilikuwa safi kuliko la mtu yeyote shuleni. Siku ya mtihani namba zilikuwa nyingine na mnara ulikuwa mti, naye alikaa saa tatu anaitazama karatasi. Alipotoka hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Mwalimu, nilidhani najua," na maneno hayo Marsela hajayasahau mpaka leo.

Akaondoa kidole.

"Kuna nini?" Shedrack, mwalimu wa Fizikia aliyepanga chumba cha pili, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. "Nasikia unazungumza peke yako."

Marsela akamwonyesha.

"Sasa hapo unafikiri nini? Mtihani keshokutwa, mpe njia yote. Huu si wakati wa kufundisha, ni wakati wa kuokoa."

"Na kama anataka dokezo tu? Kama yuko katikati?"

"Basi mpe dokezo."

"Kidato cha pili nilimpa dokezo," Marsela akasema. "Alinyoosha mkono, nikamwambia, 'Hebu fikiria pembetatu ngapi unaziona.' Darasa likacheka. Hakunyoosha mkono tena mwezi mzima. Alidhani namkejeli."

Shedrack alikunywa chai yake. "Basi mwambie jibu lake ni sahihi au si sahihi."

"Jibu lipi? Hajaandika jibu."

Lakini alipolisema hilo, akawa hana uhakika nalo. Akairudia picha. Safari hii hakulisoma swali. Aliitazama karatasi yenyewe. Upande wa chini ulikuwa na kivuli, na kwenye pembe kulikuwa na kidole gumba cha aliyeipiga. Akaikuza, akaongeza mwanga. Chini ya swali karatasi ilikuwa na weupe wa kufutwafutwa, na ndani ya weupe ule kulikuwa na penseli hafifu, mwandiko mdogo kama wa siafu.

"Shedrack, njoo uone."

Kulikuwa na mchoro. Mstari mmoja wa chini, mnara mmoja umeandikwa h, na pembetatu mbili zinazouegemea mnara ule ule, ndogo ndani ya kubwa. Sehemu ya mbali ameandika 40, sehemu ya karibu na mnara ameandika x. Marsela alisoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma barua iliyolowa maji. Kwa pembe ya sitini, h ni x mara kipeuo cha pili cha tatu. Kwa pembe ya thelathini, h ni x jumlisha arobaini, gawanya kwa kipeuo hicho hicho. Akavilinganisha viwili hivyo. Akazidisha pande zote. Tatu x ni sawa na x jumlisha arobaini. Mbili x ni arobaini.

Mstari wa mwisho uliingia chini ya kidole gumba. Palionekana nusu ya duara, na ndani yake 20.

"Amekosea," Shedrack akasema. "Jibu ni thelathini na nne nukta sita."

"Hajakosea." Marsela akaweka kidole juu ya kioo. "x ni ishirini kweli. Kila mstari uko sawa. Ameishia mlangoni tu. Ametafuta umbali kutoka mnarani, akasahau kwamba wameuliza urefu."

Sasa Marsela aliona alivyokuwa karibu kuharibu. Karatasi zile za mitihani hazikuwa na majibu nyuma. Binti amefika kwenye ishirini, ameizungushia duara, ameifuta, ameiandika tena, hana wa kumuuliza. Angetumiwa njia nzima, angeona 34.6 mwishoni na 20 yake pembeni, na huenda asingesoma hata mstari mmoja. Angejua tu kwamba amekosa. Angeambiwa "si sahihi," angeichana kazi nzuri yote ile na kwenda kulala. Angepewa dokezo la pembetatu, pembetatu alizozichora kwa mkono wake mwenyewe, angeona mwalimu hakujali hata kutazama.

Akaanza kuandika. Akafuta. Akaandika tena.

"Yasmini mwanangu. Nimeiona kazi yako ya penseli, usiifute. Mchoro ni sahihi. Mistari yote ni sahihi mpaka x = 20, hakuna hata mmoja uliokosea. Umebakiza hatua moja. Angalia kwenye mchoro wako x ni kitu gani, halafu soma tena sentensi ya mwisho ya swali. Mstari wako wa kwanza kabisa utakusaidia. Ukitaka nikutumie njia yote ulinganishe, niandikie herufi N tu, ninayo tayari."

Akatuma. Tiki moja.

Saa saba ikapita. Unga ulikauka juu, akaufunika kwa sahani bila kuutazama. Saa nane. Alifua magauni mawili ya kazini, akaanika, akarudi kutazama. Tiki moja. Mawazo yakaanza kumzunguka. Pengine ile penseli si ya Yasmini, karatasi ameazima. Pengine "umebakiza hatua moja" ni maneno mepesi kwa anayeyaandika na mazito kwa anayeyapokea. Saa tisa na nusu alichukua ile picha ya njia nzima, akaiweka tayari kutuma, akasema moyoni, liwalo na liwe. Akashindwa. Akaitoa.

Saa kumi na dakika tano tiki zikawa mbili. Kisha zikawa za bluu.

Marsela alikaa chini kwenye kizingiti. Dakika tano zikapita. Shedrack alikuja akakaa naye bila kuitwa. Juu ya jina la Mwanasiti pakatokea kwamba kuna mtu anaandika, kisha pakafutika. Pakatokea tena, pakafutika.

Halafu ikaja picha, nayo haina neno.

Ilikuwa karatasi ile ile. Duara la ishirini limefutwa, ila ishirini yenyewe imeachwa. Chini yake kwa kalamu ya wino, siyo penseli, umeongezwa mstari mmoja: h = 20√3, na mbele yake, 34.6 m.

Baada ya hapo ikaingia sauti, na nyuma yake kuku na upepo. "Mwalimu, shikamoo. Nilikuwa nimeshazichana karatasi nyingine mbili. Kila nikifika mwisho naona namba haifanani na urefu wa mnara, mana mnara gani mfupi vile, basi nafuta, naanza upya. Kumbe nilikuwa nafuta kitu kizima." Upepo ukavuma kwenye simu, kisha akaendelea. "Hiyo N siandiki. Kesho nakuja na karatasi zangu zote."

Jumapili saa tano asubuhi Yasmini alishuka kwenye basi dogo lililotoka Bungu, mtoto mgongoni na bahasha ya kaki kifuani. Viatu vilikuwa na tope la Nyamisati. Hakukaa hata kunywa maji. Alitoa karatasi sita, akazipanga mezani.

"Mwalimu, hizi tatu niangalizie tu kama nimepata. Hizi mbili nimekwama, nisukume kidogo lakini usiniambie. Hii moja," akaishika kama kitu kinachonuka, "hii sielewi hata inaanzia wapi. Hii nifanyie yote."

Marsela akamchukua mtoto kutoka mgongoni, akavuta kiti.

Jumatatu Yasmini aliingia chumba cha mtihani akatoka wa mwisho. Januari matokeo yalipotoka, Hisabati alipata D, ambayo ni kufaulu, na Kiswahili B. Marsela aliyasoma mara tatu kabla ya kupiga simu. Mara hiyo Yasmini alipatikana kwenye mlio wa kwanza.