Kidonda Kizuri

Mimi ni muuguzi wa chumba cha vidonda katika zahanati yetu, na nina ugonjwa mmoja: kujisifu. Kidonda kikipona mikononi mwangu, lazima nikisifu mbele ya mwenyewe.

Dada mmoja, fundi cherehani, alikuja na mkono wa kulia umetobolewa na mtoto wa mbwa wake.

"Kachokozi tu, sista," alisema akicheka. "Kananijua."

Nikamshika mkono chini ya bomba, maji na sabuni, dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani, huku akilalamika kwamba hata nguo hafui hivyo. Sikushona, kidonda cha meno mkononi ukikifunga, unafungia wadudu ndani. Nikampa amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti, maana amoksilini tupu haiwamalizi wadudu wote wa mdomo wa mbwa. Nikamchoma sindano ya pepopunda. Mwisho nikamwandikia rufaa. Chanjo ya kichaa cha mbwa, na ile kinga inayochomwa kwenye kidonda chenyewe, ziko hospitali kubwa tu.

"Nenda leo hii," nikamwambia.

Siku ya tatu akarudi kubadilisha bandeji. Hakuwa amekwenda, alikuwa na sare za shule za kumalizia.

"Na mbwa?"

"Alikufa jana."

Nilimfokea mpaka wagonjwa wa kwenye benchi wakanyamaza. Akaapa atakwenda mchana huohuo. Kisha nikafungua bandeji. Hakuna usaha, hakuna uvimbe. Mdomo ukaniponza.

"Lakini kidonda chako, dada, kizuri! Dawa imefanya kazi."

Akaondoka anatabasamu. Mimi nilisema aende hospitali. Yeye alichobeba ni kwamba amepona. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ana meno.

Wiki ya sita mumewe alimleta asubuhi. Kovu linamwasha, alisema, kama sisimizi wanatembea ndani. Nikampa kikombe cha maji. Hakikufika mdomoni, koo lilimkaba, akakitupa ukutani. Nikajua ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishatoka, chanjo haisaidii tena. Hata hospitali kubwa wangemtuliza tu.

Mumewe akatoa karatasi yangu ya rufaa mfukoni, imekunjwa vizuri.

"Tumekuja nayo, sista. Tukikimbia sasa hivi, si tutawahi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mungu anajua nilivyotaka. Badala yake niliviona vidole vyake: alijikata na bati, akaniambia, na tangu jana alikuwa akimfuta mkewe mate kwa mkono huo. Nikampeleka kwenye bomba, nikampa sabuni, nikaitazama saa ya ukutani. Halafu nikaketi, nikaandika rufaa mpya ya chanjo, kwa jina lake yeye.

Mkewe alikuwa anaifuata kalamu kwa macho.

"Na mimi, sista," akasema, "niandikie zile dawa za mwanzo. Zilinisaidia sana."