Tatu Iliyofumba Mdomo

Kosa la Bi Karani lilianza kwa nia njema, kama makosa mengi ya watu wema. Alikuwa mtu wa makaratasi. Miaka kumi na tisa alinakili kadi za wagonjwa, na kadi ikififia dawa yake ilikuwa moja tu: sogeza taa.

Basi paa la stoo lilipovuja, bahasha za picha za eksirei zikalowa na majina ya wino yakageuka uji. Akapewa kazi ya kuokoa filamu. Kila moja aliiweka juu ya sanduku la taa, akaipiga kwa kamera, kompyuta ikasoma namba iliyoko pembeni na kuituma kwenye jalada la mwenyewe. Siku ya kwanza alizungusha kitufe cha mwanga hadi mwisho. "Macho haya yamekula chumvi nyingi," alisema. "Acha nione."

Namba za filamu si za wino. Ni vipande vidogo vya madini ya risasi vinavyowekwa kando ya mgonjwa. Mionzi haipenyi hapo, kwa hiyo filamu haigeuki nyeusi, na namba hubaki nyeupe katikati ya giza. Kompyuta ilizoea karatasi, hivyo kwanza iligeuza picha, weusi ukawa weupe na weupe ukawa weusi, ndipo ikasoma tarakimu moja baada ya nyingine. Ikiwa na shaka iliweka alama nyekundu. Pasipo alama, Bi Karani alipitisha.

Jumatano, saa tatu na dakika thelathini na tano asubuhi, kioo cha kompyuta kilimwandikia: *Namba 4082 ina filamu tayari. Niongeze?*

Alikuwa karibu kubonyeza. Watu wengi wana filamu mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni. Lakini 4082 aliijua. Ilikuwa ya fundi cherehani, yule mzee mpole mwenye kikohozi wa wodi ya wanaume, ambaye jana, alipoona koti la kazi la Bi Karani limepoteza kifungo, alitoa sindano kwenye mkoba wake na kukishona papo hapo, bila kuombwa. Na leo saa nne fundi huyo angepasuliwa kifua. Mashine ya eksirei ilikuwa imekufa wiki mbili, kwa hiyo daktari alitegemea filamu ya mwezi uliopita, ile yenye kivimbe cheupe kwenye pafu la kulia.

Bi Karani akazifungua zote mbili, ubavu kwa ubavu. Zote zilipigwa kwa mbele. Ile ya zamani ilikuwa na kivimbe. Hii aliyoitoa leo kwenye bahasha haikuwa nacho, ila mfupa wa bega wa kushoto ulikuwa na fundo, kama mti uliovunjika ukaungana vibaya. Kwenye filamu ya kivimbe mfupa huo ulikuwa umenyooka kama rula.

Kivimbe kinaweza kuota, lakini mfupa uliovunjika zamani hauwezi kunyooka wenyewe.

Akaitoa filamu ya kivimbe kwenye rafu, akaibandika kwenye sanduku la taa, akasogeza pua. Nne. Sifuri. Nane. Mbili. Akasoma tena kwa kidole. Nne, sifuri, nane, mbili. Na ile nyingine? Nne, sifuri, nane, mbili. Watu wawili, namba moja! Akapiga simu chumba cha upasuaji. Iliita, ikaita, ikakatika.

"Kaka! Kaka, njoo, nakufa!" aliita.

Mpiga picha za eksirei, ambaye tangu mashine ife kazi yake ilikuwa kunywa chai na kutania watu, alitokea mlangoni na kikombe. "Usife kabla ya mshahara, dada."

"Nisomee hii namba."

Alipoona uso wake aliweka kikombe chini. Akainama, akakunja macho. "Nani kawasha jua humu ndani?"

"Mimi. Nione vizuri."

"Dada yangu, hii si karatasi. Kwenye karatasi mwanga unasaidia weupe unaozunguka herufi. Hapa herufi yenyewe ndiyo taa. Ukiiongezea moto inavimba, inameza giza la pembeni yake."

Alizungusha kitufe taratibu hadi sanduku likabaki na mwanga wa mshumaa. Kisha akachukua karatasi nyeusi, akaikata kitundu, akaifunika namba ili tarakimu moja tu ionekane. "Sema."

"Nne."

Akasogeza. "Sema."

"Sifuri."

Akasogeza. Bi Karani aliinama zaidi. Tarakimu ilikuwa imekonda. Ncha zake zilikuwa zimejikunja kwa ndani, karibu kugusana, lakini kushoto, juu na chini, palikuwa na upenyo mwembamba wa giza. Mdomo wa tatu ulikuwa wazi. Mwanga wake yeye ndio ulioufumba.

"Ni tatu," alinong'ona. "Ni 4032. Na kompyuta haikuweka alama."

"Itaweka vipi? Wewe uliipa nane safi, imesoma nane." Kisha akaiona saa ya ukutani. "Unangoja nini? Kimbia!"

Alikimbia na filamu mbili kifuani, magoti yakilia. Mlangoni muuguzi alimzuia. "Mama, huku hakuingiwi na viatu vya nje."

"Mwanangu, mnampasua mtu asiye na kivimbe."

Muuguzi hakuuliza zaidi. Alivua ndala zake mwenyewe, akamsukumia kwa mguu, akabaki peku na kumfungulia.

Fundi alikuwa amelala mezani, macho wazi, mpira wa dripu mkononi. "Ah, mama wa kifungo! Kimekatika tena?"

Daktari wa upasuaji aligeuka, mikono imeinuliwa. "Nani kamruhusu huyu?"

Bi Karani aliziinua filamu zile mbili. "Daktari, naomba umguse bega la kushoto. Mguse tu. Kisha nifukuze."

"Lilivunjika, nilianguka ngazini nikiwa kijana," fundi alisema. "Kwani kuna nini?"

Daktari alimtazama fundi, akatazama picha ya kivimbe iliyokuwa kwenye kioo cha kompyuta ukutani, mfupa wake ulionyooka. Akabonyeza bega kwa vidole vya glovu. Fundo lilikuwepo.

"Mtoeni," daktari alisema polepole. "Mpeni chai. Chanzo cha kikohozi chake tutakitafuta upya." Hakumkaripia Bi Karani. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Lakini hofu haikuisha, ilihama tu. Kivimbe kilikuwa cha mtu. Bi Karani alirudi mezani, akafungua jalada la 4032. Mwalimu wa chekechea, miaka thelathini na minne. *Maumivu ya kifua. Filamu haikupatikana. Arudi mashine ikitengenezwa.* Alikuwa ameambiwa angoje, naye akangoja.

Kando yake zilikuwepo filamu mia tatu na kumi na mbili, zote zimepigwa kwa mwanga wake mkali. Mpiga picha alikwisha vuta kiti na karatasi yake yenye kitundu. "Mimi nasogeza, wewe unasema," alisema. "Tutazirudia zote. Ila kwanza piga hiyo simu."

Bi Karani alibonyeza namba za simu ya mwalimu, akizisoma moja moja. Upande wa pili zilisikika kelele za watoto wakiimba, kisha sauti changamfu: "Haloo? Nani mwenzangu?"

"Mwanangu," alisema Bi Karani, "ni hospitali. Filamu yako imepatikana. Kaa chini kidogo, unisikilize. Kosa ni langu mimi."